Sifuri ya Ndani ya Ganda

Ilipofika saa nne asubuhi Mkufunzi alikuwa amekwisha kusahihisha skripti sitini za mtihani, na alikuwa anasikia kinyaa. Si kinyaa cha chumba, ingawa chumba nacho kilikuwa kinajitahidi. Vikombe vya chai ya juzi vilikuwa vimeota utando dirishani, choo cha korido kilikuwa kimeziba tangu wiki iliyopita, na nzi mmoja alikuwa amekufa juu ya mhuri wa idara bila mtu kujishughulisha kumwondoa. Hayo alikuwa ameyazoea. Kilichomchefua ni swali la nne.

Tuelewane kwanza kuhusu huyu Mkufunzi. Mama yake alimpa jina zuri tu, lakini idarani hakuna aliyekuwa na haja nalo. Alikuwa wa chini kuliko wote walioruhusiwa kushika kalamu nyekundu, kwa hiyo skripti za darasa zima zilimwangukia yeye, na jina likawa hilo hilo la kazi. Mkufunzi njoo, Mkufunzi sahihisha, Mkufunzi umemaliza?

Swali la nne lilitungwa na Profesa. Lilisema hivi: kuna ganda jembamba la tufe, rediasi yake R, limepakwa chaji usoni, na kiasi cha chaji kinafuata kosine ya pembe kutoka kwenye mhimili. Tafuta potensheli, yaani kimo cha umeme cha kila mahali, ndani na nje. Kwa asiyejua mambo haya, achukue mpira. Utosini pa mpira chaji chanya imejaa tele. Ukishuka inapungua, inapungua, mpaka kiunoni hakuna kitu. Ukipita kiuno unaingia kwenye chaji hasi, nayo inazidi kukolea hadi chini kabisa. Ukijumlisha yote, chanya na hasi, unapata sifuri.

Sasa watu wanaposikia jumla ni sifuri, na wanapokumbuka kwamba ganda lenye chaji iliyoenea sawasawa ndani yake hamna uga, yaani nguvu inayosukuma chaji, wanarukia kusema ndani ni sifuri. Na skripti sitini zote zilisema hivyo hivyo, kwa maneno yale yale, kana kwamba zimetoka tumbo moja. Ndani, sifuri. Nje, kosine ya pembe juu ya r ya mraba, r ikiwa umbali kutoka katikati. Kulikuwa hata na wimbo, wanafunzi wanauimba kwenye foleni ya chakula: "Nje kosine, ndani sifuri, Baba kasema tusifikiri!" Ndiyo maana Profesa wakamwita Baba Sifuri, na mwenyewe alikuwa akilisikia jina hilo na kucheka kwa raha.

Mwongozo wa kusahihisha ulikuwa mbele ya Mkufunzi. Nje sahihi, maksi sita. Ndani sifuri, maksi kumi na nne. Miaka sita swali hilo hilo, mwongozo huo huo. Alikuwa akipiga vema, vema, vema, akili iko kwingine kabisa, mpaka akafungua skripti ya sitini na moja.

Hii ilikuwa na majibu mawili. La juu lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja wa rula, mwembamba, nadhifu, kila herufi chini yake ikisomeka. Na juu ya kifuniko cha kila kitabu cha majibu, sheria imechapwa: kilichokatwa hakisahihishwi. Chini ya mstari ule ukafuata wimbo: ndani, sifuri. Pembeni, kwa penseli, kulikuwa na maneno machache.

"La juu ndilo la kweli. La chini ndilo la maksi."

Mkufunzi akalisoma lililokatwa. Akalisoma tena. Mwandishi alikuwa ameanza taratibu kama mtu anayepanga vyombo. Ndani, potensheli iwe A mara r mara kosine, maana kitu kingine kingelipuka pale katikati. Nje, iwe B mara kosine juu ya r ya mraba, maana lazima ififie mbali. Kwenye ngozi ya ganda potensheli haiwezi kuruka ghafla, hivyo ya ndani na ya nje zikutane: B ni A mara R ya kipeo cha tatu. Kinachoruka ni mteremko. Ndani mteremko ni A, nje ni hasi A mbili, kwa hiyo umeshuka kwa A tatu, na kushuka huko ndiko kunakobebwa na chaji ya pale usoni. Basi A ni theluthi moja ya chaji ya utosini ukiigawa kwa epsiloni sifuri, ile namba ya umeme isiyobadilika. Ndani si patupu hata kidogo! Potensheli inapanda sawasawa kama ngazi kutoka chini hadi juu, na uga ni ule ule kila mahali, ukielekea chini, kutoka kwenye chanya kwenda kwenye hasi.

Akaugeukia mwongozo, na safari hii akausoma. Ndani sifuri. Nje, pale pale kwenye ngozi, si sifuri. Potensheli iliyoruka ukuta! Mwanafunzi wa mwaka wa pili angepaswa kuliona hilo, seuze profesa, seuze yeye mwenyewe aliyeupigia vema miaka yote hiyo.

"Astaghafirullah," akasema peke yake.

Akashika skripti ile akaenda kwa karani wa mitihani, mama mmoja mnene mwenye funguo shingoni, ambaye hakuna siri ya chuo asiyoijua na hakuna aliyoitoa bila kubembelezwa.

"Namba hii ni ya nani, shoga?"

"Unajua haturuhusiwi."

"Najua. Ya nani?"

Karani akatazama mlango, akatazama namba. "Ya Mama Pacha. Yule mwalimu wa sekondari aliyekuja kujiendeleza. Maskini, mwaka jana somo hili lilimwangusha, alipata thelathini na nne. Hili ndilo rudio lake la mwisho. Akikosa arobaini anaondoka, na ruhusa yake kazini inaisha mwezi huu."

"Nataka skripti yake ya mwaka jana."

"We Mkufunzi, una wazimu?"

Lakini akavua funguo. Stoo ilinuka mkojo wa panya na karatasi mbichi. Wakafukua maboksi, karani akipiga chafya na kulaani, mpaka wakaipata. Swali la nne. Jibu lilikuwa lile lile, ngazi kwa ngazi, ila mwaka jana halikukatwa. Nje, sita. Ndani, sifuri, kubwa, nyekundu, imezungushwa mara mbili. Na chini yake sahihi ya msahihishaji, yenye mkia ule wa kujidai.

Mkia ulikuwa wa Mkufunzi.

Alisimama pale na karatasi mkononi. Skripti mia mbili kwa siku mbili, alijiambia. Mwongozo mkononi. Nani angeweza kusoma? Lakini hata yeye hakuyaamini maneno yake. Thelathini na nne na kumi na nne ni arobaini na nane. Mwanamke huyu alifaulu mwaka jana, tena vizuri, na aliyemfelisha ni yeye.

Na mambo hayakuishia hapo, maana kisu kilikuwa na makali pande zote mbili. Mwaka huu Mama Pacha kajifunza. Kaandika uongo, na kwa uongo huo mwongozo unampa arobaini na sita, anapita. Mkufunzi akisema ukweli, mwongozo ukirekebishwa, lile la juu limekatwa halihesabiwi, la chini ni kosa, anabaki na thelathini na mbili. Anafukuzwa kwa ajili ya haki!

Baba Sifuri alikuwa ofisini kwake anakata kucha. Si kucha za mikono, la. Alikuwa amevua kiatu na soksi, mguu kaupandisha kwenye droo iliyo wazi, na vipande vya kucha vilikuwa vinarukia juu ya skripti za shahada ya pili.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, binti yangu. Umemaliza?"

"Profesa, nina swali dogo. Ukiweka mpira wa chuma kwenye uga wa umeme, chaji zake zinajipanga usoni kwa kosine. Na ndani ya mpira uga unakuwa sifuri. Ni kweli?"

"Kweli kabisa."

"Nani anaua ule uga wa nje usifike ndani?"

"Chaji za usoni, bila shaka." Klik, kucha ikaruka.

"Zinauua kwa kitu gani, kama zenyewe ndani hazitoi chochote?"

Mkono wenye kikata kucha ukasimama.

"Swali lako lilikuwa la mpira wa chuma," Mkufunzi akaendelea. "Ukaufuta uga wa nje ili swali lionekane jipya. Ukabakiza chaji peke yake. Jibu la nje ukalirekebisha, la ndani ukalisahau. Sifuri ile ilikuwa ya wawili wakipambana, Profesa. Umemwondoa mmoja, wa pili bado yumo!"

Alitegemea ubishi. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi, kaja na karatasi na kalamu. Baba Sifuri akacheka tu, akapuliza vumbi la kucha.

"Una macho, binti yangu. Mimi mwenyewe niliona mwaka wa pili wa swali hili."

"Uliona?"

"Niliona. Ningefanya nini? Niite wahitimu wa mwaka wa kwanza, niwaambie vyeti vyenu vina kasoro? Maji yakimwagika hayazoleki. Halafu tazama, wanafaulu! Nani analalamika?"

"Wanaojua ndio wanaofeli. Mmoja nilimfelisha mwaka jana, mwaka huu kaandika sifuri yako."

"Wangapi? Wawili, watatu kwa mwaka? Na huyo wako mwaka huu anapita." Akaanza kuvaa soksi, ile ile, iliyokakamaa kwa jasho. "Funika kombe, mwanaharamu apite. Mwezi wa tisa nakupendekeza uthibitishwe kazini. Usijikaange kwa mafuta yako mwenyewe."

Mkufunzi alitoka bila kuaga. Alinawa mikono kwenye bomba la nje, akanawa tena, na hakuwa amegusa kitu.

Jioni ile mama yake alikuwa kibarazani anamenya machungwa. Mkunga mstaafu, mwenye ulimi usio na breki. Alimsikiliza bintiye mpaka mwisho, na potensheli akaipisha kushoto kama mtu anayepisha gari.

"Hayo ya ganda siyajui," akasema. "Nijibu hili moja. Wewe ulikosea?"

"Mama, mwongozo ndio..."

"Mwongozo unashika kalamu? Nimezalisha watu miaka thelathini na moja. Wodi ile kulikuwa na daktari aandikaye dawa bila kumtazama mgonjwa, na manesi tukimpa mgonjwa vile vile, kwa kuwa imeandikwa. Nilikuwa nikimchukia yule daktari. Siku moja nikajiona na mimi nina bomba la sindano mkononi." Akampa kipande cha chungwa. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Kaseme huko."

Bodi ya matokeo ilikaa Alhamisi, chumba cha mikutano, watu saba na chupa za maji. Mkuu wa kitivo, mhandisi mmoja mkavu asiyependa maneno mengi, akauliza kama kuna la ziada. Mkufunzi akasimama. Akaweka skripti ya mwaka jana mezani, akaenda ubaoni. Mistari mitano tu: A, B, zikutane kwenye ngozi, mteremko uruke, A tatu. Mkuu alikuwa anaitikia kwa kichwa kabla hajafika mstari wa nne. Wengine watano walianza kusoma lebo za chupa.

"Kosa lipo," Mkuu akasema. "Profesa?"

Hapo ndipo Baba Sifuri alipoonyesha ufundi wake. Alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mzazi.

"Nasikitika sana. Mwongozo ni mwongozo tu, mheshimiwa, una uchovu wa kuchapa, una hili na lile. Ndiyo maana tunamweka msahihishaji mwenye shahada, si mashine. Yeye alitakiwa kufikiri."

Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha! Mkufunzi alitaka kuyasema hayo kwa sauti, lakini alitazama mezani, akaona ule mkia wake mwekundu chini ya sifuri, akaketi. Ubaya wake ni kwamba yule mzee mchafu hakuwa amesema uongo wote.

Mkuu akatoa fomu ya kubadilisha matokeo. Palikuwa na visanduku viwili: kosa la mwongozo, kosa la msahihishaji.

"Tukiweka alama hapa juu," akasema, "suala linapanda baraza la chuo. Miaka sita inafunguliwa. Miezi minane, labda mwaka, na matokeo ya wote wanaohusika yanasimama mpaka hapo. Tukiweka hapa chini, naidhinisha leo. Mama huyu anakuwa amefaulu mwaka jana, mtihani wa mwaka huu kwake unafutwa, anarudi kazini na cheti."

"Na mwongozo?"

"Mwakani Profesa atatunga swali jingine."

"Na wengine waliojibu vizuri miaka iliyopita?"

"Wamelalamika?"

"Hawajui kama walikuwa sahihi! Tuliwaambia wamekosea!"

"Basi hawajalalamika," Mkuu akasema, bila ukali wowote, na kumsogezea kalamu.

Wote saba walikuwa wanamtazama sasa. Ruhusa ya Mama Pacha ilibakiza siku kumi na moja. Miezi minane ingemkuta ameshafutwa kazi. Baba Sifuri akafungua chupa yake ya maji akanywa, maji yakamtiririka kidevuni. Mkufunzi akaweka alama kisanduku cha chini na kutia sahihi. Profesa akampigapiga begani.

"Umekomaa," akamwambia, na joto la kiganja kile likabaki kwenye blauzi mpaka alipofika ofisini.

Mama Pacha alikuja kesho yake saa tatu, kaitwa na karani. Alikuwa amezidi miaka arobaini, amevaa viatu vya mtu anayesimama darasani siku nzima, mkoba kaushikilia tumboni kwa mikono miwili. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Shikamoo," Mkufunzi akamwambia. Chuoni mwalimu hamwamkii mwanafunzi, lakini ilimtoka.

"Marahaba, mwalimu. Nimefeli?"

"Hapana. Umefaulu. Yaani, ulifaulu mwaka jana. Arobaini na nane." Akamsukumia nakala ya fomu. "Jibu lako la swali la nne lilikuwa sahihi. Lote."

Mama Pacha hakushangilia. Alitoa miwani, akaivaa, akaisoma fomu kutoka juu hadi chini kama anavyosoma mtu aliyewahi kuibiwa na karatasi.

"Mwaka jana," akasema polepole. "Wanangu nimewaacha kwa dada yangu mwaka mzima. Mmoja ameanza kumwita yeye mama. Nilidhani nimechanganyikiwa. Nililipiga lile swali usiku na mchana, kila nikirudi A ni theluthi, A ni theluthi. Nikasema basi, huenda hesabu hainitaki. Nikakariri wimbo wa watoto. Unajua ile siku ya mtihani, nilipochora ule mstari, nilijisikia vipi? Nilijisikia mchafu, mwalimu. Nitarudi darasani nifundishe watoto wa watu nini?"

"Pole, dada. Pole sana."

"Na ule mwongozo wameubadilisha?"

"Bado."

"Kwa hiyo kwa hapa chuoni, ndani ni sifuri mpaka leo."

Mama Pacha akateremsha kidole kwenye fomu mpaka kwenye kisanduku chenye alama.

"Kosa la msahihishaji. Ni nani huyo?"

Angeweza kusema ni siri, na sheria ingemlinda. "Ni mimi," akasema.

Mama Pacha akavua miwani. Alimtazama muda mrefu, si kwa hasira, ila kwa namna mtu anavyotazama nywele aliyoikuta kwenye sahani wakati ameshakula nusu.

"Ulilisoma jibu langu?"

Skripti mia mbili. Siku mbili. Mwongozo. Profesa. Vyote vilimjia Mkufunzi mdomoni, vimepanga mstari, na kila kimoja kilinuka uvundo zaidi ya mwenzake.

"Sikulisoma," akasema.

"Bora ungelisoma ukakosea," Mama Pacha akasema.

Akaikunja nakala yake mara nne, akaitia mkobani na kusimama. Mkufunzi naye alisimama, mkono kaunyoosha kumpa hongera, na ukabaki hewani mpaka mlango ulipofungwa.